Mistari miwili kabla ya mwezi kuandama

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, sanduku la barua pepe la mtu mwenye mazoea ya kununua mtandaoni hujaa salamu. Benki inamtakia Idi njema, na kampuni ya simu vilevile. Duka la viatu alilonunua mara moja, miaka miwili iliyopita, nalo limekumbuka leo kumtakia Idi njema. Barua sita zina kichwa kimoja: “Eid Mubarak!” Anazipitisha kwa kidole gumba kama anayechambua mchele, na zote zinakwenda.

Hakuna ubaya katika salamu. Ila hapo haimwambii mtu kwa nini afungue hii aiache ile.

Kabla ya kufungua, mpokeaji huona vitu vitatu tu: jina la mtumaji, kichwa cha barua, na maneno machache yanayofuata kichwa kwa wino uliofifia. Hayo ya tatu tuyaite dokezo. Wauzaji wengi husumbukia kichwa, dokezo wakaliacha lijiandike lenyewe. Nalo hujiandika kweli: programu ya barua huchota maneno ya kwanza inayokutana nayo ndani. Ndiyo maana chini ya salamu nzuri ya sikukuu mteja husoma “Ikiwa huoni barua hii vizuri, bofya hapa”.

Tuseme kuna duka la kanzu la Dar es Salaam linalouza mtandaoni tu, lenye orodha ya wateja 1,200. Kanzu ya Idi ni bidhaa ya wakati wake. Ikifika siku moja baada ya swala, imechelewa mwaka mzima. Oda za mikoani hupakiwa kwenye basi na za mjini hubebwa na bodaboda, kwa hiyo siku za mwisho za kuagiza hazilingani. Hilo ndilo jambo ambalo mteja wa Tanga au wa Mbagala anahitaji kulijua, kuliko picha ya taa na mwezi mwandamo.

Rasimu ya kwanza ya duka hilo ingeweza kuwa hivi: “Furahia msimu huu wa sikukuu pamoja nasi kwa ofa kabambe za kanzu”. Kwenye simu iliyoshikwa wima, kichwa hukatwa karibu na herufi ya 40, ikipungua au kuzidi kidogo kwa simu na simu. Mteja anabaki na “Furahia msimu huu wa sikukuu pamoja na”, na neno kanzu halionekani kabisa. Rasimu ya pili inaanza na bidhaa yenyewe: “Kanzu ya Idi ifike kabla ya mwezi”. Ni herufi 33 pamoja na nafasi, na yote yanaonekana.

Dokezo lake ni hili: “Mikoani mwisho Jumatatu, Dar Alhamisi. Saizi 52 hadi 62 zipo.” Siku zimetangulia kwa sababu dokezo nalo hukatwa, na herufi 38 za kwanza zinatosha kufikisha ujumbe. Saizi ni nyongeza kwa mwenye skrini pana. Kichwa na dokezo havirudii neno lolote, maana vinasomwa pamoja kama sentensi moja iliyovunjwa.

Kwa nini siku za wiki, wakati watu wote wanahesabu chungu? Kwa sababu hesabu hailingani. Aliyefunga kwa mwandamo wa Saudia anaweza kuwa chungu cha 25 huku jirani yake akiwa cha 24, na duka likiandika “mwisho chungu cha 24” limejiingiza katika mjadala usiolihusu. Vivyo hivyo halitaji tarehe ya Idi. Mfungo ni siku 29 au 30, na mwezi hautangazwi na muuza kanzu. Barua inaondoka Ijumaa, hivyo Jumatatu inaeleweka, na ndani tarehe kamili zinaandikwa kwa aliyechelewa kuifungua.

Huduma za kutuma barua kama Mailchimp zina kisanduku maalumu cha dokezo. Anayejitengenezea barua mwenyewe huliweka mwanzoni kabisa mwa mwili wa barua, kisha akalificha lisionekane barua ikifunguliwa:

```html
<div style="display:none">Mikoani mwisho Jumatatu,
Dar Alhamisi. Saizi 52 hadi 62 zipo.</div>
```

Dokezo likiwa fupi mno, programu huendelea kuchota maneno yanayofuata ili ijaze nafasi. Basi sentensi ya kwanza ya barua nayo iwe ya maana, wala isiwe anwani ya duka.

Kosa la aibu zaidi ni la jina. Duka linataka kumwita mteja kwa jina lake, linaweka alama ya huduma ile mahali pa jina, na kwa mteja ambaye hakuandika jina alipojiandikisha, alama inabaki wazi au inafika yenyewe: “Idi njema, *|FNAME|*”. Dawa yake ni kuweka neno la akiba, kwa mfano “mteja wetu”, kisha kujitumia barua ya majaribio kwa anwani isiyo na jina. Ni kazi ya dakika mbili.

Wapo pia wanaoanza kichwa kwa “Re:” ili ionekane ni jibu la mazungumzo ya zamani. Mteja hufungua kweli, akiwa na wasiwasi kuhusu oda yake, kisha akakuta tangazo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za biashara inakataza vichwa vya kudanganya, lakini adhabu iliyo karibu zaidi ni kidole cha mteja kinachobonyeza kitufe cha barua taka. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka watumaji wakubwa wasifikishe malalamiko ya asilimia 0.3, yaani watu watatu katika kila elfu. Duka letu si kubwa kiasi hicho, lakini watu watatu ni wachache mno kwa mtu yeyote.

Asubuhi ya Jumamosi mwenye duka atatazama ni wangapi wamefungua. Namba hiyo aipokee kwa tahadhari. Tangu iOS 15 ilipotoka mwaka 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua hata kama mwenye simu hajaigusa, na huduma ya kutuma ikahesabu kuwa imefunguliwa. Akijaribu vichwa viwili kwa wateja 200 kila kimoja, kimoja kikafunguliwa na 41 na kingine na 36, hajapata mshindi. Tofauti ya watu watano hapo ni bahati tu. Cha kuhesabu ni oda za kanzu.

Jumanne barua ya pili inakwenda kwa wateja wa Dar peke yao, kwa kuwa wa mikoani basi limeshawaacha na kuwakumbusha ni kuwatonesha. Kichwa: “Dar bado mnawahi kanzu ya Idi”. Dokezo: “Bodaboda ya mwisho ni Alhamisi saa 11 jioni.”

Na Idi yenyewe? Mwezi ukishaandama duka lina barua moja zaidi, kwa walionunua tu. Kichwa chake ni salamu tupu, “Idi njema”, na safari hii salamu inafaa, kwa sababu dokezo lake linasema: “Kanzu ikibana, tunabadilisha hadi Jumamosi ijayo.”