Chati ya Jimu ya Siku Sita, Magoti Yanayouma na Siku Tatu za Wiki

Watu wengi wanaoanza mazoezi ya vyuma huanza na picha. Chati imebandikwa ukutani karibu na kioo cha jimu, mtu anatoa simu na kuipiga, au anatumiwa na rafiki aliyetangulia. Chati nyingi za namna hii hufanana: siku sita, kila siku na kiungo chake. Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano mabega, Alhamisi miguu, Ijumaa mikono, Jumamosi tumbo na kukimbia. Mbele ya kila zoezi pameandikwa 4 x 12, yaani seti nne, kila seti marudio 12.

Chati hiyo ilipangwa kwa mtu aliyekwisha kuzoea vyuma, mwenye magoti mazima na nafasi ya kwenda jimu karibu kila siku. Picha haimwambii anayeanza jambo hilo. Wala haisemi abebe kilo ngapi, apumzike muda gani kati ya seti, au afanye nini zoezi likimuumiza.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 41, karani anayekaa mezani kutwa, anayeishi ghorofa ya tatu. Magoti yake yanauma upande wa mbele, kuzunguka pia ya goti, hasa anaposhuka ngazi na anapoinuka baada ya kukaa muda mrefu. Hakuanguka, na magoti hayajavimba. Ana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni tu, kila siku muda usiozidi saa moja. Afanye nini na chati iliyo kwenye simu yake?

Njia mbili zinazokosea

Njia ya kwanza ni kufuata siku zinazoangukia ratiba yake. Jumatatu atafanya kifua, Jumatano mabega, Ijumaa mikono. Mgongo na miguu havitaguswa hata mara moja. Akiamua kufuata chati kwa mpangilio wake, siku moja baada ya nyingine, kila kiungo kitarudiwa baada ya wiki mbili. Hapo misuli haipati nafasi ya kuzoea, na kila siku ya miguu inauma kama ya kwanza.

Njia ya pili ndiyo inayopendekezwa zaidi: "Dada, kama magoti yanasumbua, achana na miguu, fanya juu tu." Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, lakini unayaacha magoti bila msaada. Misuli ya mapaja na makalio ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi mtu anapopanda ngazi au kuinuka kitini. Ikiwa dhaifu, goti linalemewa. Kwa maumivu ya mbele ya goti ya aina hii, na hata kwa usagikaji wa gegedu unaowapata watu wa umri mkubwa, mazoezi ya kuimarisha misuli hiyo ni sehemu ya msingi ya matibabu. Kwa hiyo miguu inabaki kwenye chati. Kinachobadilika ni aina ya zoezi, kina cha kukunja goti na wingi wa kazi kwa siku moja.

Hesabu ya Alhamisi

Tuisome siku ya miguu kama ilivyo kwenye picha: skwati 4 x 12, lanji 4 x 12 kwa kila mguu, mashine ya kusukuma kwa miguu 4 x 12, mashine ya kunyoosha goti 4 x 15, na kuruka juu ya boksi 3 x 15. Ukijumlisha, kila goti linafanya kazi mara 249 katika jioni moja. Kisha linakaa wiki nzima bila kazi, isipokuwa mbio za Jumamosi.

Ndani ya mazoezi hayo matano, mengine ni magumu zaidi kwa goti linalouma. Mtu akikunja goti sana huku limebeba uzito, pia ya goti hukandamizwa zaidi kwenye mfupa wa paja. Ndiyo maana skwati ya kina na lanji ndefu ya kwenda mbele huchokoza maumivu. Mashine ya kunyoosha goti huleta mkandamizo huo mguu unapokaribia kunyooka kabisa, uzito ukiwa umening'inia kwenye vifundo. Kuruka ni kuzito kuliko yote, kwa sababu wakati wa kutua goti hupokea uzito wa mwili mara kadhaa. Hivyo kuruka, lanji ya mbele na mashine ya kunyoosha goti vinawekwa kando kwa wiki za mwanzo. Skwati inabaki, lakini kwa umbo jingine.

Chati mpya

Badala ya kugawa wiki kwa viungo, tunaigawa kwa aina za kazi ambazo mwili hufanya: kukaa na kuinuka, kuinama kutoka kwenye nyonga, kusukuma na kuvuta. Kila siku ya mazoezi inagusa mwili mzima. Tunahitaji siku mbili tu za kupokezana, A na B. Wiki ya kwanza inakwenda A, B, A, na wiki inayofuata B, A, B.

Siku A:
- Kukaa kwenye benchi na kuinuka, 2 x 10
- Kusukuma dambeli ukiwa umelala kwenye benchi, 2 x 10
- Kuvuta kebo kuelekea tumboni ukiwa umekaa, 2 x 10
- Kulala chali na kuinua nyonga, 2 x 12

Siku B:
- Kuinama kutoka kwenye nyonga ukishika dambeli, magoti yamelegea kidogo tu, 2 x 10
- Kuvuta fimbo ya mashine kutoka juu hadi kifuani, 2 x 10
- Kusukuma dambeli juu ya kichwa ukiwa umekaa, 2 x 10
- Kukunja goti kwenye mashine ya paja la nyuma, 2 x 12

Seti ni mbili tu kwa kila zoezi, na mapumziko kati yake ni dakika moja hadi mbili. Kwa anayeanza zinatosha. Uzito unaofaa ni ule ambao ukimaliza rudio la kumi unahisi ungeweza kuongeza mawili au matatu. Siku tatu si upungufu pia: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Kabla ya vyuma, baiskeli ya jimu kwa dakika kumi inachukua nafasi ya kamba na mbio. Kiti chake kipandishwe. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa; mguu unapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hicho ndicho kimo sahihi. Kiti kilicho chini mno hulikunja goti sana katika kila mzunguko, na watu huishia kuilaumu baiskeli.

Skwati ya benchi

Zoezi hili ndilo linalostahili uangalifu zaidi. Simama mbele ya benchi, miguu iwe na upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo. Nyoosha mikono mbele kwa ajili ya mizani. Anza kwa kupeleka makalio nyuma, kisha shuka taratibu kwa hesabu ya tatu mpaka uliguse benchi. Usijiangushe. Visigino vibaki chini, na goti lielekee upande wa vidole vya mguu, lisiingie ndani. Inuka kwa kusukuma sakafu kwa unyayo mzima.

Utasikia watu wakisema goti lisivuke vidole kamwe. Kwa goti zima hilo si la kuogopa, kwani hata kwenye ngazi huvuka kila siku. Ila goti likienda mbele zaidi, mzigo wake unaongezeka na wa nyonga unapungua. Anayeuma kwa sasa anafaidika akikaa nyuma zaidi.

Yule mama akishuka hadi kwenye benchi anahisi maumivu ya 5 kati ya 10. Anaweka sahani mbili nene za uzito juu ya benchi ili kimo kipande, anajaribu tena, maumivu yanashuka hadi 2. Hicho ndicho kimo chake cha kuanzia. Kila baada ya mazoezi mawili au matatu yasiyo na usumbufu, anaondoa sahani moja. Zikiisha, anashika dambeli ya kilo 4 kifuani. Hapunguzi kimo na kuongeza uzito siku moja, maana goti likilalamika hatajua sababu ni ipi.

Kulisoma goti

Kipimo kina sehemu mbili. Wakati wa zoezi, maumivu ya 0 hadi 3 yanavumilika. Yakifika 4 au 5, punguza kina au uzito. Yakizidi hapo, acha zoezi hilo kwa siku ile. Sehemu ya pili ni asubuhi inayofuata: yule mama anaposhuka ngazi za ghorofa yake, goti liwe kama lilivyokuwa kabla ya mazoezi. Likiwa baya zaidi, kazi ya jana ilizidi, hata kama jimuni hakuhisi kitu. Mara inayofuata anarudi hatua moja nyuma.

Asichanganye hayo na uchungu wa misuli. Huo hukaa kwenye nyama ya paja au makalio, huuma ukibonyeza, huzidi siku moja au mbili baada ya mazoezi, kisha hupungua wenyewe. Maumivu yanayojikusanya kwenye kiungo chenyewe ndiyo ya kufuatilia.

Zipo dalili ambazo hakuna chati inayozifaa. Goti lililovimba, lililo jekundu au la moto, linalokwama katikati ya kukunja, linaloachia ghafla ukitembea, lililoumia kwa kuanguka au kujipinda, au linaloshindwa kubeba uzito, linahitaji daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Vivyo hivyo maumivu yanayokuamsha usiku au yanayoambatana na homa.

Kurudi kwenye picha

Baada ya wiki mbili tulivu, seti zinaongezwa kuwa tatu kwenye zoezi la kwanza na la pili. Baada ya wiki sita hadi nane, kama benchi halina tena sahani na ngazi hazisumbui, mazoezi ya ile picha yanaanza kurudi, moja moja. Kwanza mashine ya kusukuma kwa miguu, kwa kina kifupi na uzito mdogo. Halafu lanji ya kurudi nyuma, ambayo goti huivumilia vizuri kuliko ya kwenda mbele. Kuruka kunakuja mwisho, na asiye na mchezo unaohitaji kuruka anaweza kukosa zoezi hilo maisha yake yote bila hasara.

Chati mpya iandikwe kwenye daftari, iwe na safu ambazo picha haikuwa nazo: kimo cha benchi, kilo, maumivu wakati wa zoezi, na maumivu kwenye ngazi kesho yake asubuhi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kama Jumatano ataongeza, atabaki palepale au atapunguza.