Maumivu ya Kiuno Yanapozuia Mkojo

Chukua mfano wa dereva wa lori mwenye miaka 42. Kwa wiki 3 sasa ana maumivu yanayoanzia kiunoni, yanapita takoni upande wa kushoto, yanashuka nyuma ya paja hadi pembeni mwa wayo. Akikohoa au kupiga chafya, mguu mzima unachoma.

Mguu hauna kasoro. Kasoro iko kiunoni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye ukingo mgumu wa nyuzi na kiini laini ndani. Ukingo ukichanika, kiini husukumwa nje na kubana mzizi wa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Mara nyingi huharibika moja ya diski mbili za chini kabisa. Maumivu ya dereva huyu yanaelekeza kwenye ile ya mwisho, kwa hiyo daktari atamwambia asimame kwa ncha za vidole vya mguu wa kushoto aone kama kisigino kinanyanyuka.

Madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston walieleza chanzo hiki mwaka 1934, na upasuaji wa diski ukaenea. Hata hivyo wagonjwa wengi hawauhitaji. Kipande kilichotoka husinyaa chenyewe, na kwa dawa za maumivu na kutembea kwa kadiri ya uwezo, wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Kulala kitandani siku nzima hakuharakishi kupona.

Lakini usiku mmoja dereva anakwenda msalani na mkojo hautoki. Akijisafisha, hahisi vizuri mkono wake. Ganzi imetanda sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, yaani pale panapogusa kiti cha baiskeli. Mguu wa kulia nao umelegea.

Uti wa fahamu wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake hushuka fungu la mizizi lililotawanyika mithili ya mkia wa farasi, ikiwemo mizizi ya kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa. Kipande kikubwa cha diski kimelibana fungu lote.

Hapa ndipo watu hupotea. Maumivu ya mguu yanaweza hata kupungua, mgonjwa akadhani anapona. Kibofu kisichohisi hujaa hadi mkojo uvuje wenyewe, na anayevuja huonekana kama anakojoa. Kipimo cha ultrasaundi baada ya kukojoa hufichua jambo: zaidi ya mililita 200 zikibaki, shaka huwa kubwa. Kuwekewa mpira wa mkojo humpa mgonjwa ahueni, ila hakufungui mishipa iliyobanwa.

Kinachohitajika ni MRI ya dharura, kisha upasuaji wa kuondoa kipande hicho. Saa 48 hutajwa sana, lakini si muda wa kusubiri: anayefanyiwa upasuaji wakati bado anakojoa kwa taabu ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko ambaye kibofu kimekwisha kufa ganzi. Kwa hiyo dereva huyu asingoje kliniki ya asubuhi. Aende usiku huohuo kwenye hospitali yenye wapasuaji wa mgongo, na akifika mapokezi asiseme tu kwamba kiuno kinauma. Aanze na mkojo na ganzi, hata kama anaona haya.