Kokoto Bapa, Vumbi la Mawe na Maji ya Zege

Anayejenga Dar es Salaam akienda kuagiza kokoto huulizwa mambo mawili: anataka za Lugoba au za Kunduchi, na anataka za ukubwa gani. Za Lugoba zinatoka kwenye miamba migumu ya upande wa Chalinze. Za Kunduchi ni za mawe ya chokaa, laini zaidi na zenye kunywa maji. Ukubwa hutajwa kwa inchi: nusu, robo tatu, moja. Umbo la kokoto halitajwi kabisa, na mimi naamini hapo ndipo wajenzi wengi wanapopoteza fedha. Umbo ndilo linaloamua zege litahitaji maji kiasi gani, na maji yakizidi nguvu inapungua.

Suala la ukubwa halina ugumu, maana linapimwa na nondo zenyewe. Tuchukue bimu yenye upana wa milimita 230, ikiwa na nondo nne za milimita 16 zilizopangwa safu moja chini. Toa milimita 25 za zege la kufunika kila upande, toa ringi za milimita 8 za pande zote mbili, kisha toa unene wa nondo zenyewe. Zinabaki milimita 100 za kugawa kwenye nafasi tatu, yaani kama milimita 33 kila nafasi. Kanuni inayotumika ni kwamba kokoto kubwa kabisa isizidi robo tatu ya nafasi hiyo, kwa hiyo hapa mwisho ni milimita 25. Kokoto za robo tatu inchi, zenye kama milimita 20, zitapita vizuri. Za inchi moja na nusu zitakwama juu ya nondo, na mbao zikibanduliwa utaona matundu chini ya bimu.

Lakini hata kokoto zenye ukubwa sahihi zinaweza kuleta matundu hayohayo zikiwa bapa. Jiwe bapa hupita kwenye chekeche kwa ubavu, likahesabiwa kuwa la robo tatu inchi, na likifika kwenye bimu hulala juu ya nondo mbili na kuziba njia. Likilala ndani ya zege bichi, maji yanayopanda juu wakati zege linatulia hukwama chini ya tumbo lake. Maji hayo yakikauka huacha uwazi mwembamba usioonekana kwa nje, na hapo jiwe na saruji hazishikani. Kubwa zaidi, mawe bapa hayapangani vizuri. Huacha uwazi mwingi katikati yake, na uwazi wote huo lazima ujazwe na mchanga na rojo la saruji. Sehemu ya nje ya jiwe bapa nayo ni kubwa kuliko ya jiwe lenye pande zinazokaribiana, ingawa uzito ni uleule, kwa hiyo linataka rojo zaidi ili lifunikwe. Zege linakuwa gumu kusukuma kwa koleo, na fundi huongeza maji.

Kupima ubapa hakuhitaji maabara. Tafuta kipande cha bati na ukate matundu mawili ya mraba, moja la milimita 20 na jingine la milimita 14. Kisha kata mwanya mrefu wenye upana wa milimita 10. Chota kokoto sehemu mbalimbali za lundo, siyo juu tu, maana lori likimwaga mawe hujitenga. Weka kando zile zinazopita tundu la 20 na kukwama kwenye la 14. Ukishapata kama kilo mbili, jaribu kupitisha kila jiwe kwenye mwanya. Linalopita ni bapa, kwa sababu unene wake uko chini ya sehemu sita za kumi ya ukubwa wake wa wastani. Pima uzito wa yaliyopita. Yakiwa gramu 900 kati ya kilo mbili, ubapa ni asilimia 45. Kiwango cha Uingereza cha BS 882, kabla hakijaondolewa, kiliruhusu asilimia 40 kwa mawe yaliyopondwa, kwa hiyo mzigo huo haufai kwa bimu wala nguzo.

Ubapa huanzia kwenye mwamba, kwani mawe yenye matabaka hupasuka kwa kufuata matabaka yake. Mashine nayo ina lake. Krasha ya taya ikilishwa jiwe kubwa na kutakiwa kulitoa dogo kwa mkupuo mmoja, hutoa vipande vyembamba vingi. Machimbo yenye hatua mbili au tatu za kusaga, hasa yakimalizia na mashine inayorusha mawe yagongane, hutoa kokoto nene zenye pande zinazokaribiana. Kwa hiyo kabla ya kulipia lori, inafaa kumuuliza muuzaji jiwe limepita mashine ngapi.

Katika usagaji huo ndimo linamotoka vumbi la mawe, yaani chembe zote zilizo chini ya milimita 5. Mchanga wa mito unazidi kuwa ghali na uchimbaji wake unabomoa kingo, kwa hiyo mimi naunga mkono matumizi ya vumbi hili, ila kwa kipimo. Chembe zake zina kona kali, hushikana vizuri na saruji, na huziba pengo la mchanga wa mto wenye chembe kubwa tupu. Tatizo lake ni unga. BS 882 hiyohiyo iliruhusu unga mwembamba kuliko milimita 0.075 ufike asilimia 16 katika mchanga wa mawe yaliyopondwa, wakati kwa mchanga wa asili mwisho ulikuwa asilimia 4. Nafuu hiyo ilitolewa kwa sababu unga wa jiwe safi hauna madhara ya udongo wa mfinyanzi. Vumbi lililosagwa pamoja na udongo wa juu ya machimbo halistahili nafuu hiyo. Lilowanishe kiganjani na ulifinyange: likikubali kuviringika na kunata vidoleni, lina udongo, likatae. Unga wa jiwe ukikauka humomonyoka wenyewe.

Sasa tuchanganye. Kwa zege la moja kwa mbili kwa nne, mfuko wa kilo 50 huenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo zikiwa za lita 20. Weka ndoo mbili na nusu za mchanga na ndoo moja ya vumbi. Hiyo ni kama asilimia 29, kiasi ambacho ningeanza nacho. Maji yawe lita 27 na nusu, ukihesabu pia yale yaliyomo ndani ya mchanga uliolowa. Zege likiwa gumu kufanyia kazi na fundi akaongeza lita nne, uwiano wa maji kwa saruji unapanda kutoka 0.55 hadi 0.63, na nguvu inashuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Badala yake punguza vumbi hadi nusu ndoo na urudishe mchanga, au ongeza saruji sambamba na maji. Kwa kazi ya nguzo na slabu, tengeneza kwanza vipande vya majaribio vya milimita 150 kila upande, uvipeleke maabara vikapondwe siku ya 7 na ya 28.

Usiunganishe kokoto bapa na vumbi jingi katika mchanganyiko mmoja, kwa kuwa zote mbili zinataka maji. Kokoto bapa zikiwa zimeshamwagwa uwanjani, zitumie kwenye zege jembamba la chini ya msingi lisilo na nondo, au zichanganye na kokoto nene mpaka kipimo cha bati kionyeshe chini ya 40, na mchanganyiko huo upate mchanga mtupu wa mto.