Roli Moja ya Waya na Ukuta wa Mita 12

Mfugaji ana roli moja ya waya wa kuku yenye mita 30, na fedha ya roli ya pili hana. Anataka kuwazungushia kuku wake uwanja wa mstatili, mpana kadiri waya utakavyoruhusu. Akiuzungushia katikati ya kiwanja, pande zote nne zikila waya, jibu analijua karibu kila fundi: afanye mraba. Kila upande unapata mita 7.5, na eneo linakuwa mita za mraba 56.25. Akiurefusha ukawa mita 10 kwa 5, anabaki na 50. Akiufanya uchochoro wa mita 14 kwa 1, waya ni uleule, lakini eneo ni 14 tu.

Sasa mkewe anamkumbusha kwamba nyuma ya nyumba kuna ukuta. Kwa nini asiuegemeze uwanja pale, upande mmoja usile waya? Hapo wengi hukimbilia mraba uleule waliouzoea: pande tatu, kila mmoja mita 10, eneo 100. Ni faida kubwa, karibu mara mbili ya ule wa mwanzo. Ila si kikomo.

Pande mbili zinazotoka ukutani zina urefu sawa, tuuite u. Zinakula waya 2u, kwa hiyo upande wa tatu, ule unaokwenda sambamba na ukuta, unabaki na 30 − 2u. Eneo ni

u × (30 − 2u)

Tujaribu namba chache. Kwa u ya mita 5 tunapata 100. Kwa 6 tunapata 108, kwa 7 ni 112, kwa 8 ni 112 tena, kwa 9 ni 108, na kwa 10 tunarudi kwenye 100. Eneo linapanda, linafika kileleni mahali fulani kati ya 7 na 8, kisha linashuka. Wanaosoma hisabati ya kidato cha tano na sita watautafuta mteremko wa grafu, ambao hapa ni 30 − 4u, na kuuliza unakuwa sifuri wapi. Ni kwenye 7.5. Upande mrefu unapata mita 15, eneo ni 112.5.

Asiyependa fomula anaweza kulithibitisha jibu hilo kwa kufikiria uwanja pacha upande wa pili wa ukuta. Nyanja mbili kwa pamoja zinafanya mstatili mmoja uliozungukwa na waya wa mita 60, na mstatili bora wa mita 60 ni mraba wa 15 kwa 15. Ukigawe katikati kwa ukuta, kila nusu ni 15 kwa 7.5. Ndiyo maana mraba ulitudanganya: aliyestahili kuwa mraba ni pacha mzima, si nusu yake.

Vitabu vingi vya shule huishia hapa, na mwanafunzi hupewa alama zake zote. Lakini mfugaji akichukua futi ya utepe na kuupima ukuta, anakuta una mita 12. Upande wa mita 15 hauna pa kuegemea.

Kumbe swali lilikuwa na mipaka ambayo hatukuiandika. Kwa waya peke yake, u ingeweza kuwa chochote kuanzia 0 hadi 15, na kwenye ncha zote mbili eneo ni sifuri, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuzikagua. Ukuta wa mita 12 unabadilisha hali. Upande mrefu haupaswi kuzidi 12, maana yake u haiwezi kupungua chini ya 9. Eneo halali sasa ni kuanzia 9 hadi 15, na ile 7.5 yetu iko nje kabisa. Ndani ya mipaka hii mteremko hauwi sifuri hata mara moja. Kwenye 9 tayari ni hasi 6, yaani tukianza tu kuongeza u, eneo linaanza kupungua. Basi jibu liko kwenye ncha yenyewe: u ni 9, upande mrefu ni 12, eneo ni 108.

Mtu mkaidi atauliza: nani kasema waya hauwezi kupita mwisho wa ukuta? Swali zuri. Tuseme unazidi kwa z. Hiyo z inalipiwa mara mbili, upande wa mbele na upande wa nyuma pasipo na ukuta. Pande mbili fupi zinabaki na 9 − z kila mmoja, na eneo ni (9 − z) × (12 + z), yaani 108 − 3z − z². Linapungua tangu sentimita ya kwanza. Kwa ukuta mfupi zaidi mambo yangekuwa mengine: ukuta ukiwa wa mita 9, kuuzidi kwa sentimita 75 kunaongeza eneo kutoka 94.5 hadi karibu 95.06. Nusu mita ya mraba na ushee, kwa gharama ya nguzo moja zaidi. Mimi nisingechimba shimo kwa ajili hiyo.

Kuna tofauti nyingine kati ya kilele cha katikati na jibu la kwenye ncha. Mwanaastronomia Johannes Kepler, katika kitabu chake cha 1615 kuhusu kupima mapipa ya mvinyo, aliona kwamba karibu na ujazo mkubwa kabisa, kubadili umbo kidogo hakupunguzi kitu cha kuonekana. Kwenye ukuta mrefu ndivyo ilivyo: fundi akikosea u kwa nusu mita, kutoka 7.5 hadi 8, anapoteza nusu mita ya mraba tu. Lakini kwenye ukuta wa mita 12 kilele chetu kina ncha kama paa la nyumba, na ukiondoka pale, upande wowote, unateremka mara moja. Akiuacha upande mrefu uwe 11.5, eneo ni 106.4. Akiuzidisha hadi 12.5, ni 106.25. Kosa lilelile la nusu mita linagharimu zaidi ya mara tatu.

Pia si kila sifuri ya mteremko ni kilele. Tuseme mfugaji anataka nyanja mbili za mraba mbali na ukuta, moja ya vifaranga. Mteremko unakuwa sifuri pale waya unapogawanywa sawasawa, mita 15 kwa 15, na jumla ya eneo ni 28.1. Huo ndio mgawanyo mbaya kuliko yote! Ukaguzi wa ncha unaufichua papo hapo: waya wote kwenye uwanja mmoja unatoa 56.25. Ila vifaranga wangekosa pa kukaa, kwa hiyo tuweke mpaka: uwanja mdogo usipungue mita 2 kwa 2. Unakula mita 8, mkubwa unapata 22, jumla 34.25, na jibu liko kwenye ncha tena.

Bora arudi ukutani na kuugawa uwanja mmoja kwa kizuizi cha katikati. Pande fupi zinakuwa tatu. Kwa ukuta wa mita 12, upande mrefu unachukua 12, zinabaki 18, mita 6 kwa kila upande mfupi, na eneo lote ni mita za mraba 72. Kizuizi akisogeze mita 3 kutoka pembeni: vifaranga wanapata 18, wakubwa 54.