Herufi tatu si jina la kampuni

Mfanyabiashara mmoja wa rangi na vifaa vya ujenzi, Kariakoo, anapokea oda kwa maandishi. Juu ya karatasi pana herufi tatu kubwa, nembo na namba ya simu. Anatoa mzigo wa shilingi 4,800,000 kwa mkopo wa siku 30. Siku ikifika anapewa hundi, hundi inarudi benki, na wakili anamuuliza swali moja tu: unamdai nani? Anataja zile herufi tatu. Wakili anatikisa kichwa, kwani mahakamani hushitakiwi kwa nembo.

Huu ni mfano tu, lakini ni mfano ambao wenye maduka wengi watautambua. Herufi zilizo kwenye kibao ni za kuitana. Jina la kampuni kisheria ni lile lililoandikwa kwenye cheti cha usajili, neno kwa neno, mpaka lile neno la mwisho. Kati ya viwili hivyo mna nafasi kubwa ya mtu kupoteza fedha.

Herufi hubaki, jina hubadilika

TANESCO ni mfano wa karibu. Herufi hizo zilitokana na jina Tanganyika Electric Supply Company. Baada ya Muungano jina likabadilishwa, Tanganyika ikatoka na Tanzania ikaingia, lakini herufi hazikuguswa kwa kuwa maneno yote mawili huanza na TAN. Anayesoma kibao hawezi kujua kwamba kuna badiliko lolote.

CRDB imekwenda mbali zaidi. Ilipopewa herufi hizo mwaka 1984 ilikuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, kwa Kiingereza Cooperative and Rural Development Bank. Ilipobinafsishwa mwaka 1996 ikawa CRDB (1996) Limited, na leo inaitwa CRDB Bank Plc. Hapa herufi si kifupisho tena; zenyewe ndizo jina. Mwekezaji mdogo anayejaza fomu ya hisa kwa kuandika yale maneno ya mwaka 1984 anaandika jina la taasisi ambayo haipo.

Wakati mwingine herufi zilezile hugawanywa. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iliyokuwa ikijulikana kama NBC ilivunjwa ikazaa taasisi tatu: NBC (1997) Limited, National Microfinance Bank Limited ambayo ndiyo NMB, na NBC Holding Corporation. Mbili kati ya hizo zilibeba herufi za mama yao. Kwa aliyekuwa na mkataba na "NBC" wakati ule, herufi tatu hazikumwambia ni nani kati ya warithi hao aliyechukua wajibu wa mkataba wake. Mabano yenye mwaka, ambayo wengi huyapita bila kuyasoma, yalikuwa sehemu ya jina.

Na zipo herufi zinazosema jambo lisilo kweli tena. Herufi ya mwisho katika TTCL ilisimama badala ya neno Limited. Lakini kwa sheria iliyotungwa mwaka 2017 kampuni hiyo iligeuzwa kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania. Watu wameendelea kuita TTCL kama zamani, wakati chombo chenyewe si kampuni ya aina ile tena.

Soma neno la mwisho

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, mfanyabiashara aanze na neno linalomalizia jina. "Limited" ni kampuni yenye dhima yenye ukomo: wenye hisa hawadaiwi zaidi ya kile walichoahidi kuchangia. "Plc" ni kampuni ya umma, ndiyo maana makampuni mengi ya Soko la Hisa la Dar es Salaam hubeba neno hilo. Jina lisilo na kimojawapo lawezekana kuwa shirika lililoundwa kwa sheria ya Bunge, au ni jina la biashara tu. Jina la biashara si mtu kisheria. Nyuma yake yupo mwenye duka au wabia, na hao ndio wanaodaiwa.

Mwekezaji wa hisa naye aangalie mtego wake. Simba na Twiga ni majina ya chapa za saruji. Kampuni zilizosajiliwa zilikuwa Tanga Cement Company Limited na Tanzania Portland Cement Company Limited. Ile ya Tanga ilifupishwa TCCL, wakati TCC ni kampuni ya sigara. Herufi moja inatenganisha saruji na sigara. Jina kamili la kampuni ya soko la hisa hupatikana kwenye ukurasa wa kwanza wa waraka wa kuuzia hisa na kwenye taarifa yake ya mwaka. Kifupi kinachotumika kwenye jedwali la bei ni alama ya soko tu.

Njia ya kulipata jina

Turudi kwa muuza rangi wetu. Hatua ya kwanza ni karatasi alizonazo. Oda ina herufi, lakini hundi iliyorudi imechapwa jina la mwenye akaunti, na stakabadhi ya mashine ya EFD, kama aliwahi kununua kwao, hubeba jina na namba ya mlipa kodi. Aziweke pamoja. Kama majina yanapishana, hapo ndipo pa kuuliza.

Hatua ya pili ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Siku hizi utafutaji hufanyika kwa mtandao. Kutafuta kwa herufi peke yake mara nyingi humpotosha mtu: ama hapati kitu, kwa sababu daftari limeandika maneno kamili, ama anapata kampuni kadhaa zenye herufi zinazofanana. Atafute kwa jina la kwenye hundi, kisha achukue namba ya usajili. Namba ndiyo ya kushika. Kampuni ikibadilisha jina hupewa cheti kipya cha jina hilo, lakini namba yake hubaki ileile.

Hatua ya tatu ni kulipia taarifa rasmi ya kampuni. Humo mna wakurugenzi, wenye hisa, anuani ya ofisi iliyosajiliwa na mali zilizowekwa rehani. Muuza rangi akikuta gari na ghala vyote viko rehani benki, atajua kabla ya kulipa wakili kwamba yuko nyuma ya mdai mwingine.

Daftari nalo lina mpaka wake. Linaonyesha kile ambacho kampuni yenyewe imewasilisha. Kampuni isiyopeleka taarifa za kila mwaka inaweza kuonyesha mkurugenzi aliyeondoka zamani. Kwa hiyo tarehe ya taarifa ya mwisho isomwe kwanza, na ikiwa ni ya miaka mingi nyuma, hilo peke yake ni onyo.

Kazi yote hii ni nyepesi zaidi ikifanywa kabla mzigo haujapanda gari. Kwenye hati ya kupokelea mzigo iandikwe jina kamili, namba ya usajili, jina na cheo cha anayetia saini. Mteja anayekataa kuandika jina la kampuni yake kwa urefu alipe taslimu.