Barua Zinatoka, Haziingii

"Hati za kontena nilikutumia tangu juzi, mbona kimya?" Wakala wa mizigo pale Mombasa akipigiwa simu ya namna hii, mara nyingi hukimbilia kumtumia mwenzake barua pepe ya kujaribu. Mwenzake anaipata papo hapo, na wakala anamjibu mteja kwamba huku kwake kila kitu kiko sawa, atume tena. Mteja anatuma tena, na kimya kinaendelea.

Jaribio hilo halikumwambia lolote kuhusu tatizo lake, kwa kuwa kutuma na kupokea ni kazi mbili zisizotegemeana. Programu ya barua pepe inapotuma hutumia njia iitwayo SMTP, na inapopokea hutumia nyingine iitwayo IMAP. Ukifungua mipangilio ya akaunti utaona kila njia ina jina lake la seva na namba yake ya mlango: kwa kawaida 587 au 465 kwa kutuma, na 993 kwa kupokea. Ni kama posta. Sanduku lako likijaa hadi mlango haufungiki, bado karani wa dirishani atapokea barua unayotaka kuituma.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua akaunti hiyo hiyo kwenye kivinjari, kupitia ukurasa wa barua wa kampuni inayokuhifadhia anwani yako. Ukurasa huo unakuonyesha kilichomo kwenye seva yenyewe bila kupitia programu ya simu au kompyuta. Ukizikuta barua zinazotafutwa humo, kosa liko kwenye kifaa chako. Usipozikuta, acha kuisumbua simu. Kuifuta programu na kuiweka upya hakutaleta barua ambayo seva haina.

Tuanze na kosa la kifaa, maana ndilo jepesi. Programu nyingi za simu hukagua kikasha kikuu tu na kuziacha folda nyingine mpaka uziguse mwenyewe. Sasa tuseme zamani mtu wa ofisini aliweka kanuni kwenye seva kwamba kila barua ya kampuni fulani ya meli iende folda ya "Meli". Barua inafika, inapelekwa kwenye folda yake, na simu haitoi hata mlio. Kwenye Thunderbird ya kompyuta, folda mpya inaweza isionekane kabisa mpaka ubofye jina la akaunti kwa kitufe cha kulia, uchague `Subscribe` na kuitia alama. Kisha fungua `Properties` za folda hiyo na uweke alama kwenye `When getting new messages for this account, always check this folder`. Watu wengi huishia kwenye hatua ya kwanza, halafu wanashangaa folda ipo lakini barua mpya hazionekani hadi waifungue.

Kama kwenye kivinjari nako hakuna kitu, angalia nafasi. Anwani za ofisi zenye jina la kampuni mara nyingi hupewa nafasi ndogo, na si ajabu kukuta GB 1 tu kwa kila mfanyakazi. Mpigie hesabu wakala wetu. Hati zilizopigwa skana zenye MB 3 hukua kwa karibu theluthi moja zinapofungwa ndani ya barua pepe, kwa hiyo kila moja hula takriban MB 4. Akipokea kumi kwa siku, hiyo ni MB 40, na GB 1 itajaa kwa siku 25 hivi za kazi. Akiwa na mazoea ya kuzipeleka mbele kwa mteja pamoja na viambatisho vyake, nakala ya kila aliyotuma inabaki kwenye folda ya `Sent`, nayo inahesabiwa. Nusu ya muda huo inatosha kulijaza sanduku.

Linalowapoteza watu ni kwamba sanduku halijifungi kwa kishindo. Likibakiwa na MB 2, ujumbe wa maneno matupu bado unapenya, ila hati ya MB 4 inarudishwa. Wakala anaona salamu na matangazo yakiingia, anaamini sanduku linafanya kazi, na lawama zinamwangukia mteja. Kwa hiyo ukiambiwa barua fupi zinafika na zenye viambatisho hazifiki, shuku nafasi kwanza. Dalili nyingine hujitokeza wakati wa kutuma: barua inaondoka, kisha programu inalalamika kwamba imeshindwa kuweka nakala kwenye `Sent`. Kutuma kumefaulu kupitia SMTP, lakini nakala huwekwa kupitia IMAP ndani ya sanduku lile lile lililojaa. Anayekutumia naye anaweza kurudishiwa taarifa yenye namba `552` au `5.2.2` na maneno kama `mailbox full` au `over quota`. Mwombe akusomee, mara nyingi anayo na hakuijali.

Gmail ina utaratibu wake. Nafasi yake ya bure ni GB 15, nayo inagawanywa na Drive na Photos. Ikijaa na kupita kiwango, kutuma nako kunasimama. Basi kama Gmail yako inatuma vizuri, tatizo si nafasi, tafuta kwingine.

Kusafisha nako kuna mtego. Barua uliyoifuta huhamia kwenye `Trash`, na huko bado inahesabiwa, kwa hiyo kipimo hakishuki mpaka umwage folda hiyo. Kuhamishia kwenye folda nyingine ya akaunti hiyo hiyo hakusaidii pia. Panga barua kwa ukubwa, anza na `Sent`, na zile unazotaka kubaki nazo uzihamishie kwenye folda za ndani ya kompyuta, ambazo Thunderbird huziita `Local Folders`. Ila kumbuka kwamba tangu hapo nakala pekee iko kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo weka nyingine kwenye diski ya pembeni.

Na zile zilizokwama? Inategemea seva yako ilijibu nini. Ikijibu kwa namba inayoanza na 4, seva ya mtumaji huiweka barua kwenye foleni na kurudia kujaribu, mara nyingi kwa siku kadhaa, hivyo huenda zikaingia zenyewe baada ya kusafisha. Ikijibu kwa namba inayoanza na 5, barua imekataliwa moja kwa moja na haitakuja. Itabidi uombe itumwe upya. Mifumo inayotuma ankara na taarifa bila mkono wa mtu ndiyo ya kuhofia zaidi, kwa sababu huenda hakuna anayesoma majibu yanayorudi.

Ukikuta nafasi ipo tele, fungua orodha ya kanuni na vichujio kwenye ukurasa wa barua, si kwenye simu. Kwenye Gmail iko chini ya `Filters and Blocked Addresses`, na kwenye Outlook ya kivinjari inaitwa `Rules`. Soma kila mstari. Tapeli aliyepata neno lako la siri hupenda kuacha kanuni fupi huko: kila barua yenye neno `invoice` au `payment` iwekwe alama kwamba imesomwa, kisha ihamishiwe kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, kama `RSS Feeds`. Wewe unaona kimya, yeye anajibizana na mteja wako kuhusu akaunti mpya ya benki. Kubadilisha neno la siri hakuifuti kanuni hiyo. Ifute kwa mkono, angalia kama barua zako zinapelekwa pia kwenye anwani usiyoijua, ndipo ubadilishe neno la siri, na wateja wenye malipo njiani uwapigie simu siku hiyo hiyo.