Nembo Inayorukaruka Ukutani

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo kinachojiandaa kwa mkutano mkuu wa mwaka. Katibu ametengeneza slaidi zake, mhasibu zake, afisa mikopo naye zake. Zikiunganishwa zinafika 40, na zinapopita ukutani nembo inarukaruka: hapa iko kona ya kulia, slaidi inayofuata imeshuka kidogo, mbele zaidi imevutwa hadi duara limekuwa yai.

Wengi hurekebisha slaidi moja moja. Nembo ikibadilishwa, kazi yote inaanza upya.

Katika PowerPoint, dawa iko kwenye View, kisha Slide Master. Kushoto hutokea safu ya picha ndogo. Ya juu kabisa, iliyo kubwa kuliko nyingine, ndiyo slaidi kuu. Zilizo chini yake ni mipangilio: wa jalada, wa kichwa na maelezo, wa safu mbili na mingineyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Programu hufunguka ikiwa kwenye mpangilio wa slaidi uliyokuwa ukiifanyia kazi, na nembo ikiwekwa hapo itaonekana kwenye slaidi za mpangilio huo tu. Panda kwanza hadi slaidi kuu, ndipo uiingize kwa Insert, Pictures.

Ukiwa hapo hapo, bofya Fonts, halafu Customize Fonts, uchague fonti ya vichwa na ya maelezo. Kwa rangi, Customize Colors hutoa nafasi 12: nne za maandishi na mandhari, sita za michoro na mapambo, mbili za viungo. Weka kijani cha chama katika Accent 1, na chati mpya zitaanza na kijani hicho. Funga kwa Close Master View. Nembo za zamani zilizobandikwa kwenye slaidi hazijifuti. Hizo ziondoe kwa mkono.

Sasa tazama zinazokaidi. Slaidi ya mhasibu bado ina fonti yake ya zamani kwa sababu aliichagua mwenyewe juu ya maandishi, na chaguo la mkono huishinda slaidi kuu. Bonyeza Reset kwenye Home, maandishi yatatii, ingawa kisanduku alichokisogeza kwa makusudi nacho kitarudi mahali pake pa awali. Visanduku alivyochora mwenyewe kwa Text Box havisikii Reset. Hivyo hubadilishwa kwa Replace Fonts. Rangi iliyotoka Standard Colors nayo haibadiliki, kwa kuwa haimo katika zile 12. Nembo ikikosekana kwenye mpangilio mmoja, angalia kama Hide Background Graphics imewekewa alama ya tiki.

Slaidi za mwenzako zibandike kwa Use Destination Theme. Ukichagua Keep Source Formatting, slaidi kuu yake huingia nayo, na utaiona kwenye safu ya kushoto ikiwa na namba 2. Ukimaliza, hifadhi faili kama PowerPoint Template, lenye mwisho wa `.potx`, uwape wote watatu kabla hawajaandika slaidi ya kwanza ya mwaka ujao.